Muhuri ukiwa juu ya maneno: andika unachokiona, hoja zako ziende kwenye maelezo

Kazi yangu ni kuchapa upya barua za zamani kwa ajili ya mawakili na familia hapa Nairobi, na barua nyingi zinazonifikia zinahusu ardhi. Kuna msimamo ambao nimekuwa nikiushikilia hata mteja anaponuna: nakala ya barua ya serikali isiandikwe kana kwamba iliandikwa na mtu mmoja kwa mkupuo mmoja. Karatasi yenye mihuri, sahihi na maandishi ya pambizoni imepita mikononi mwa watu kadhaa kwa siku tofauti. Ukiyachanganya maneno yao yote ukapata aya moja safi, umetunga barua ambayo haikuwahi kuwepo.

Nitaeleza kwa barua moja ya mwaka 1986. Ilikuwa ya kukubali kiwanja. Barua za ugawaji wa viwanja vya serikali kwa kawaida zilimtaka mgawiwa akubali kwa maandishi na kulipa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua, la sivyo nafasi yake ingehesabiwa kuwa imepita. Katika kesi hii ugawaji ulikuwa wa tarehe 11 Juni, kwa hiyo mwisho ulikuwa tarehe 11 Julai. Swali la wakili lilikuwa fupi: barua ya kukubali ilipokelewa lini? Jibu lilikuwa kwenye muhuri wa mapokezi, na sahihi ya mkato ya karani ilipishana na muhuri huo.

Kabla ya kusoma chochote, niliuliza picha ilipigwaje. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika mapema. Mtu anapiga picha kwa simu, programu inaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe ili "ionekane safi", kisha anaituma kwa Wasap. Wino wa zambarau wa muhuri, wino wa bluu wa kalamu na wino mweusi wa taipureta vyote vimekuwa weusi mmoja, na hakuna ujanja utakaovitenganisha tena. Ninachoomba ni skani ya rangi ya karatasi yenyewe, isiwe ya fotokopi yake, kwa dpi 600, ihifadhiwe kama TIFF au PNG. JPEG huwa inahifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwangaza, na sisi tunachokihitaji ni rangi. Wakili huyu aliruhusiwa kulikagua faili na akaniletea skani ya namna hiyo.

Ukiwa na skani ya rangi, hatua ya kwanza ni kutenganisha chaneli. Kila picha ya rangi ina tabaka tatu: nyekundu, kijani na bluu. Wino wa bluu unaakisi mwanga wa bluu, kwa hiyo kwenye chaneli ya bluu unafifia na kukaribia rangi ya karatasi. Wino wa zambarau nao hufifia hapo kwa kiasi kikubwa. Wino mweusi haufifii popote. Kwa hiyo maneno ya taipureta yaliyofunikwa na muhuri hutokeza kwenye chaneli ya bluu. Anayetumia ImageMagick anaandika mistari miwili tu:

```
magick barua.tif -channel B -separate bluu.png
magick barua.tif -channel R -separate nyekundu.png
```

Muhuri ukiwa mwekundu, kinyume chake ndicho kweli: unafifia kwenye chaneli nyekundu. Kwenye barua yetu chaneli ya bluu ilifichua mistari minne iliyokuwa chini ya muhuri, na nambari ya kiwanja ikasomeka yote. Sehemu hiyo niliichapa bila mabano yoyote, kwa sababu niliiona kwa macho yangu.

Ugumu ulikuwa kwenye tarehe ya muhuri. Tarakimu 8 ilionekana wazi, JUL ikaonekana, na 1986 pia. Lakini pale ambapo tarakimu ya makumi ingekaa, mstari wa wima wa sahihi ya karani ulikuwa umeshuka moja kwa moja. Kama chini yake kulikuwa na 1, tarehe ni 18 na muda ulikuwa umepita kwa wiki nzima. Kama hakukuwa na kitu, ni tarehe 8 na barua iliwahi. Tarakimu 1 ni mstari wa wima, na mstari wa wima wa kalamu unaifunika kuliko tarakimu nyingine yoyote. Namba 2 ingejitokeza pembeni kwa tumbo lake, kwa hiyo tarehe 28 niliiondoa mapema.

Hapa chaneli zilinisaidia kidogo tu. Zambarau na bluu ni wino wa karibu, na zote mbili hufifia kwenye chaneli ya bluu. Kwenye chaneli nyekundu kalamu ya bluu ilibaki nyeusi na muhuri ukapauka, na faida yake ilikuwa kuniwezesha kujua kalamu ilipita wapi hasa na ilikuwa nene kiasi gani. Nikijua ukingo wa kalamu, naweza kutafuta zambarau yoyote iliyobaki nje ya ukingo huo. Tarakimu 1 ya mihuri hii mara nyingi ina kijiguu cha mlalo chini, na kijiguu hicho ni kipana kuliko mstari wa kalamu. Nilikikuza kile kipande hadi nyuzi za karatasi zikaonekana. Upande wa kushoto hakukuwa na kitu. Upande wa kulia kulikuwa na doa hafifu la zambarau, ambalo lingeweza kuwa nusu ya kijiguu, na lingeweza pia kuwa wino uliosambaa kutoka kwenye 8.

Njia ya pili ni kutafuta chapa nyingine ya muhuri uleule. Ndani ya faili kulikuwa na barua iliyopigwa muhuri wa ofisi ileile mwezi uliofuata, tarehe yake 27. Ukilinganisha umbali kutoka kwenye fremu hadi tarakimu ya mwisho, na kutoka hapo hadi herufi ya kwanza ya mwezi, 8 yetu ilikaa mahali palepale ilipokaa 7. Maana yake ni kwamba mikanda ya tarakimu ilikuwa miwili, wa makumi na wa mamoja, na mkanda wa makumi ungeweza kuachwa wazi. Kwa hiyo mahali ilipokaa 8 hapakukataa 18 wala kuithibitisha.

Watu wengi wangeishia hapa na kuchagua. Nakubali kwamba inavutia sana kuchagua, hasa ukijua familia inasubiri jibu gani. Mimi kwenye nakala niliandika hivi:

```
Muhuri wa mapokezi, zambarau, juu ya mistari 4-7:
  [1?]8 JUL 1986
Mkono wa 2, kalamu ya bluu, unapishana na muhuri:
  [herufi mbili za jina, hazisomeki]
Mkono wa 3, kalamu nyekundu, pambizo la kushoto:
  B.U. 15/7
```

Mstari wa mwisho ndio ambao nusura mteja aniambie niuache, kwa kuwa alidhani ni takataka ya ofisini. Katika faili za serikali, tangu enzi ya mkoloni, B.U. ni agizo la afisa kwamba faili liletwe tena mezani kwake tarehe iliyotajwa. Afisa wa kalamu nyekundu aliagiza faili lirudi tarehe 15 Julai. Hawezi kuagiza hivyo juu ya barua ambayo bado haijafika. Kama agizo ni la mwaka uleule, barua ilikuwa ofisini kabla ya tarehe 15, na 18 inaanguka.

Nilihakikisha kwanza kwamba 7 yake ni 7 kweli. Afisa huyo ana tabia ya kuikata saba yake kwa kistari katikati, na moja yake haina kofia. Zote mbili zinaonekana kwenye nambari ya folio aliyoiandika kwenye kona ya juu kulia kwa kalamu ileile. Ni muhimu kulinganisha mkono na mkono wake wenyewe, ndani ya karatasi ileile ikiwezekana, badala ya kulinganisha na mwandiko uliouzoea wewe. Saba ya mtu mmoja ni moja ya mwingine.

Na bado sikuyafuta yale mabano. Hapa ndipo mimi na wakili tulipovutana. Yeye alisema: kama B.U. inathibitisha kuwa ni tarehe 8, andika 8 tuendelee. Nikamjibu kwamba B.U. haithibitishi kilichochapwa na muhuri. Inathibitisha lini barua ilikuwepo mezani, na hayo ni mambo mawili. Mwaka haukuandikwa baada ya 15/7. Zaidi ya hayo, mtu atakayesoma nakala yangu bila kuona picha ana haki ya kujua kuwa tarakimu moja haikuonekana. Nikiichapa 8 tupu, nimemnyima swali ambalo mimi mwenyewe nililiuliza. Kwa hiyo hoja ya B.U. niliiweka kwenye maelezo chini ya nakala: nilichokiona, nilichokilinganisha, na kwa nini naona tarehe 8 ina nguvu zaidi.

Kuna jambo moja ambalo sikuligusa kabisa, nalo ni kipi kilitangulia kati ya muhuri na sahihi. Kwenye skrini mara nyingi wino uliokolea huonekana uko juu, hata kama ulitangulia. Jambo hilo linataka karatasi yenyewe chini ya hadubini na mtu aliyesomea, kama wachunguzi wa hati wa DCI, na mahakama ina utaratibu wake wa kupokea maoni ya wataalamu katika kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi. Mchapaji anayeandika "sahihi iliwekwa juu ya muhuri" kwa kutazama skani amevuka mpaka wa kazi yake. Naandika tu kwamba vinapishana, na vinapishana wapi.

Wakili hatimaye aliambatisha vyote vitatu: picha, nakala yenye mabano, na maelezo ya nusu ukurasa. Kisha akaandika barua kwa ofisi husika kuomba daftari la barua zilizoingia Julai 1986, ambamo karani alitakiwa kuandika kila barua kwa tarehe na nambari ya kumbukumbu.