Anza na Siku Ambazo Mtoto Hakuwepo Darasani

Anayeandika kuhusu utoto wa zamani huvutiwa kwanza na tawasifu, kwa sababu humo mtu anajieleza mwenyewe. Mimi namshauri aanze na rejista ya shule, tena na siku ambazo mtoto hakuwepo.

Chukua shule za vijijini Uingereza baada ya 1862. Kanuni mpya za ruzuku zilizotolewa mwaka huo zilifunga fedha za shule kwenye mahudhurio na mtihani. Shule ilipata shilingi 4 kwa kila mtoto kwa kufuata wastani wa mahudhurio, na hadi shilingi 8 kwa mtoto aliyefaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Ili apelekwe mbele ya mkaguzi huyo, mtoto alipaswa kuwa amehudhuria mara 200, asubuhi na alasiri zikihesabiwa kila moja peke yake. Kwa hiyo alama ya kuhudhuria ilikuwa na thamani ya pesa, na mwalimu aliyekuwa taabani alikuwa na sababu ya kuiongeza. Alama ya kutokuwepo haikumfaidi mtu yeyote. Ndiyo maana naiamini zaidi.

Shule zilizopata ruzuku zilitakiwa pia kuwa na kitabu cha matukio, ambamo mwalimu mkuu aliandika mambo ya shule kwa ufupi. Humo mwalimu analalamika: wavulana wamekwenda kufukuza ndege mashambani, watoto wako kwenye viazi, darasa limebaki tupu kwa sababu familia zinaokota masazo ya ngano baada ya mavuno. Hakuwa na nia ya kuandika historia ya kazi za watoto. Alikuwa anajitetea mapema, ili mkaguzi atakapokuja aelewe kwa nini idadi imeshuka.

Sasa tuseme umempata kwenye rejista msichana wa miaka kumi ambaye Jumatatu nyingi hayupo, asubuhi wala alasiri, lakini Jumanne hadi Ijumaa anakuja. Kwenye sensa ameandikwa mwanafunzi, basi. Ukiishia kwenye sensa, mtoto huyu hafanyi kazi yoyote. Ukifungua kitabu cha matukio ukakuta mwalimu analalamika kwamba Jumatatu wasichana wakubwa hubaki nyumbani kwa sababu ni siku ya kufua, picha inabadilika. Kuna kazi iliyojirudia wiki baada ya wiki, haikuwa na mshahara, na karani wa sensa hakuwa na mahali pa kuiandika.

Bila shaka, pengo kwenye rejista linaweza kuwa ugonjwa, au viatu vilivyotoboka wakati wa theluji. Hapa inabidi kuwa mvumilivu. Surua huwakumba ndugu wa nyumba moja wakifuatana, hudumu wiki kadhaa, na mara nyingi mwalimu huitaja kwa jina. Kazi hufuata kalenda: hurudi siku ileile ya wiki au msimu uleule wa mwaka, na huwachukua watoto wa rika moja kutoka nyumba mbalimbali. Mwaka mmoja wa rejista hautoshi kuonyesha mpangilio huo. Angalia pia namba za usajili. Mtoto aliyeacha shule majira ya kuchipua akarudi baridi ilipoanza mara nyingi alipewa namba mpya, na mtafiti mwenye haraka humhesabu mara mbili au tatu kama watoto tofauti.

Tawasifu nazisoma baada ya hapo, nikiwa na maswali mkononi. Nani alimwandikia huyu mtu, na kwa ajili ya nani? Robert Blincoe, yatima aliyepelekwa viwanda vya pamba mwaka 1799 akiwa na umri wa miaka saba hivi, hakuandika maisha yake mwenyewe. Alimsimulia mwandishi wa habari mwaka 1822, na simulizi ikachapishwa 1828, kisha tena 1832, na watu waliokuwa wakipigania haki za wafanyakazi. Hiyo haimfanyi kuwa mwongo, na ni kosa kumtupa kwa sababu hiyo. Ila mateso yake yametufikia yakiwa yamechaguliwa na watu waliojua wanataka kuthibitisha nini.

Hata umri unaotajwa kwenye nyaraka za viwandani unahitaji tahadhari. Sheria ya 1833 ilikataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, lakini usajili wa vizazi nchini humo ulianza 1837. Katikati hapo daktari alikadiria umri kwa kumtazama mtoto, na mzazi aliyehitaji ujira alikuwa na kila sababu ya kumwongezea mwaka. Umri wa cheti cha daktari huyo ulinganishwe na kitabu cha ubatizo cha parokia, kama kipo.

Tawasifu za wafanyakazi wa karne ile ziliandikwa zaidi na wanaume. Yule msichana wa Jumatatu huenda hakuandika chochote, na kama kaka yake aliandika, kazi ya dada ilipita katika sentensi moja, kwamba alimsaidia mama. Kwa watoto kama yeye, mapengo ya rejista ndiyo karibu ushahidi wote tulio nao, na sura yao katika kitabu iandikwe kutokana na mapengo hayo, wiki kwa wiki, hata kama itatoka fupi kuliko ya kaka.