Chelezo si dawa ya kila kitu kinachobanduka

Wengi wetu tunaochapa vitu vya 3D, kazi ikibanduka tu kwenye kitanda cha printa, tunakimbilia chelezo, yaani tabaka nene za plastiki zinazochapwa kwanza ili kitu kikae juu yake. Naona tunakosea, maana hatujauliza kwanza: kitu kimeangushwa, au kimejikunja?

Wiki iliyopita nilichapa nguzo ya plastiki ya PLA, kitako milimita 10 kwa 10, kimo milimita 160. Ilipofika kama 110 ikaanguka, nikakuta printa imemwaga fundo la nyuzi. Plastiki ilikuwa imeshika vizuri. Kilichoiangusha ni wenzo: nozeli ikigonga kidogo kule juu, urefu wote wa nguzo unazidisha ule msukumo, na chini kuna milimita 5 tu kutoka katikati hadi ukingoni. Nikaizungushia ukingo, kama ule wa kofia, upana wa milimita 8. Eneo linaloshika kitanda likatoka milimita za mraba 100 hadi zaidi ya 600, na nguzo ikasimama hadi mwisho. Kwenye OrcaSlicer, programu ya kuandaa kazi ya printa, niliweka hivi:

```
Brim type: Outer brim only
Brim width: 8 mm
Brim-object gap: 0
```

Hiyo sifuri ni ya makusudi. Ukiacha nafasi ya 0.1, ukingo unang'oka kirahisi, lakini ndipo pia unapoachana na nguzo. Kwa kuwa ni tabaka moja tu, kisu kinaumaliza haraka.

Plastiki ya ABS ina shida nyingine. Hunywea ikipoa, tabaka za juu zikivuta za chini kuelekea katikati, na pembe ndizo huinuka kwanza. Chungulia usawa wa kitanda: ukiona mwanga unapita chini ya pembe, tayari. Hapo natumia masikio ya panya, visahani vya duara vya milimita 20, unene wa tabaka moja, kila pembe ikikaa ndani ya sikio lake. Duara halina ncha ya kuanzia kubanduka, na pande ndefu zinabaki safi bila kukwanguliwa. Lakini kitanda kiwe kama nyuzi joto 100 na printa ifunikwe. Upepo ukipita, masikio yanaweza kushika barabara na kitu chenyewe kikapasuka ubavuni, tabaka kwa tabaka.

Na chelezo? Imeundwa ili kitu kibanduke juu yake baadaye, kwa hiyo kati ya hivyo viwili huachwa nafasi ndogo. Nguzo yangu ingeweza kung'oka hapo hapo, chelezo ikabaki imeganda kitandani. Tena inakula filamenti na muda, na uso wa chini unatoka na mikwaruzo. Mimi naiweka pale tu kitanda kilipopinda kiasi kwamba tabaka la kwanza linashika upande mmoja na kuelea upande mwingine, na siwezi kukinyoosha siku hiyo.