Nyutroni moja kwa tritiamu moja: je, hesabu ya mafuta inatosha?

"Wanasema mtambo wa kuunganisha viini vya atomu utajitengenezea mafuta yake kutoka kwenye lithiamu. Ni kweli, au ni maneno ya kuombea fedha?"

Kifizikia ni kweli. Kimtambo bado haijathibitishwa, na tofauti ya mambo hayo mawili imejificha kwenye nyutroni.

Deuteriamu na tritiamu, aina mbili za hidrojeni nzito ambazo ndizo mafuta ya mtambo huu, zikiungana, hutoka kiini cha heliamu, yaani chembe ya alfa, pamoja na nyutroni moja na nishati ya MeV 17.6. Mgawo wake hauko sawa: nyutroni huondoka na 14.1, alfa hubaki na 3.5. Fikiria mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi mzito. Yeye na mtumbwi husukumana sawasawa, lakini yeye mwepesi ndiye anayekwenda kasi, kwa hiyo ndiye anayebeba nishati nyingi. Alfa ina uzito mara nne ya nyutroni, basi nyutroni hupata takriban sehemu nne kati ya tano.

Alfa ina chaji, hivyo sumaku huizuia ndani na joto lake hubaki kwenye plazima, yaani mafuta yenyewe yakiwa gesi ya moto mno yenye chaji. Nyutroni haina chaji. Hakuna sumaku ya kuizuia, inapita moja kwa moja hadi ukutani. Mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa umekusudiwa kutoa megawati 500: takriban 100 za alfa zitapasha plazima, na 400 zitapiga kuta.

Nyuma ya kuta hizo ndipo linapowekwa blanketi, yaani tabaka nene lenye lithiamu. Lina kazi mbili: kugeuza mwendo wa nyutroni kuwa joto, na kuzalisha tritiamu. Kazi ya pili ndiyo ngumu. Tritiamu huoza, nusu yake hupotea kila miaka 12.3, kwa hiyo duniani haipo ya kuchimbwa. Iliyopo kwa matumizi ya kiraia hutoka hasa kwenye vinu vya maji mazito kama vya Kanada, nayo ni makumi machache tu ya kilo. Mtambo mmoja wenye megawati 1,000 za muungano, ukiwaka mwaka mzima bila kuzima, huchoma kama kilo 56, sawa na gramu 150 kwa siku.

Wanaotetea wazo hili wana hoja nzito. Nyutroni ikinaswa na lithiamu-6 huzaa tritiamu na heliamu, na kuongeza MeV 4.8 za joto. Lithiamu-7, ambayo ni zaidi ya asilimia 92 ya lithiamu ya asili, nayo huzaa tritiamu ikipigwa na nyutroni yenye kasi, na nyutroni hiyo hutoka ikiwa imepungua nguvu tu. Jambo hili lilijulikana kwa uchungu tarehe 1 Machi 1954 kwenye kisiwa cha Bikini. Waliotengeneza Castle Bravo, bomu la hidrojeni la Marekani lililotumia lithiamu, walidhani lithiamu-7 haitachangia chochote. Walitarajia megatani 6, zikatoka 15, na vumbi la mionzi likawaangukia wakazi wa visiwa vya jirani.

Lakini chukua nyutroni 100, kutokana na tritiamu 100 zilizochomwa. Tuseme 15 zinapotelea kwenye matundu ya vipashio na sehemu ya kutolea taka za plazima, ambako hakuna blanketi. Chuma kinameza 10 nyingine. Zimebaki 75, hata kama kila moja ingezaa tritiamu. Lithiamu-7 itaokoa chache tu, kwa sababu nyingi hupoteza kasi kabla ya kuifikia. Ndiyo maana blanketi huchanganywa na beriliamu au risasi, ambazo zikipigwa na nyutroni moja yenye kasi hutoa mbili. Katika hesabu za wabunifu, kwa njia hiyo tritiamu 100 hurudi kama 105 hadi 115.

Hapo ndipo mimi nasita. Ziada hiyo inapaswa kufidia kuoza, kujaza akiba ya mtambo unaofuata, na kufidia tritiamu inayojipenyeza kwenye vyuma vya moto na kukwama humo. Kuijua iliyokwama nako si rahisi: unapima nyutroni zilizotoka, unakokotoa tritiamu iliyopaswa kuzaliwa, kisha unalinganisha na iliyokusanywa na gesi ya heliamu inayopitishwa kwenye blanketi. Kama ziada ni asilimia 5 na kosa la vipimo ni asilimia 5, huwezi kusema kama mtambo unajilisha au unakula akiba.

Kwa hiyo simlaumu anayesema mafuta yatajizaa, lakini simkubalii akisema "tayari". Hata ITER itabeba vipande vya majaribio tu vya blanketi, na tritiamu yake itatoka nje.