Bibi Alizaa Tisa, Akalea Sita

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu, ukumbi mmoja hapa Dodoma, nikila wali wangu kwa amani. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Bibi zenu walizaa kumi bila kliniki, bila pampasi. Ninyi watoto wawili tu mnalia maisha magumu. Mnakwama wapi?" Ukumbi ukacheka. Wazee wakapiga makofi, na shangazi mmoja akanigeukia akaninyooshea kidole, kwa sababu mimi ninao wawili na sina mpango wa kuongeza.

Nimechoka na hii hesabu ya ukumbini, maana huhesabu mimba na kusahau makaburi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa vijijini huku huku Ugogo. Aliolewa binti mdogo, akajifungua wa kwanza akiwa na miaka kumi na minane hivi, wa mwisho akiwa na arobaini na mitatu. Jumla tisa. Wa pili alichukuliwa na surua, wa tano degedege, wa saba aliharisha mwaka wa njaa akaisha ndani ya siku chache. Akabaki na sita. Wala bibi hakuwa na mkosi wa peke yake. Wakati nchi inapata uhuru, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano alikuwa hafikishi miaka mitano. Chanjo ya surua imekuja kuenea vijijini baadaye sana. Mwanamke aliyetaka watano wakue hakuweza kuzaa watano akatulia.

Sasa angalia hiyo miaka yake. Kutoka kumi na minane hadi arobaini na mitatu ni miaka ishirini na mitano. Watoto tisa wana nafasi nane katikati yao; ukiigawa kwa nane, kila mmoja amemsubiri mwenzake miaka mitatu na kidogo. Bila kijiti, bila sindano! Vijana wanadhani bibi zetu walikuwa wanazaa kila mwaka. Thubutu. Mtoto alinyonya miaka miwili na zaidi, usiku na mchana, na mwili unaonyonyesha namna hiyo huchelewa kurudi kwenye siku zake. Juu ya hapo palikuwa na kumbemenda. Mume akimrudia mke mapema, mtoto akadhoofu miguu na kutoka tumbo, kijiji kizima kilijua nani wa kulaumiwa. Sababu yao ya kitabibu tunaweza kuibishia, ila mwiko wenyewe ulifanya kazi. Mama mkwe alilala chumba kimoja na mzazi, na mwanamume mwenye wake wawili alikuwa na pa kwenda. (Ndiyo maana "babu alizaa ishirini" ni hesabu nyingine kabisa, msituchanganyie.)

Na hapa ndipo watu huwa hawaniamini. Kizazi kilichomfuata bibi hakikupunguza. Mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, aliolewa na mfanyakazi wa reli wakakaa hapa mjini. Akazaa kumi. Alianza na umri ule ule wa mama yake, akamaliza mapema zaidi, na bado akampita, kwa sababu mwiko ulibaki kijijini. Mjini mume na mke chumba kimoja, mama mkwe yuko mbali, mtoto anaanzishiwa uji na maziwa ya kopo akiwa na miezi mitatu. Nafasi ikashuka kutoka miaka mitatu hadi miwili na ushee. Hospitali ipo, chanjo inakuja, kwa hiyo tisa kati ya hao kumi walikua. Basi ile familia kubwa mnayoikumbuka, ya watoto kulala mzungu wa nne na ugali kugombewa, mara nyingi ni ya akina mama mkubwa. Kwa bibi watoto walizaliwa wengi, lakini kwenye mkeka hawakuwa wengi kiasi hicho.

Kuja kwangu. Wa kwanza nilimpata na miaka ishirini na saba, baada ya shule na chuo. Kama ningeendelea hadi arobaini na mitatu kwa mwendo wa bibi, ningepata sita. Yaani shule na kuchelewa kuolewa vimenipunguzia watatu tu. Lakini nisingekwenda kwa mwendo wa bibi. Likizo yangu ya uzazi ni siku 84, baada ya hapo niko ofisini, mtoto anamsubiri dada wa kazi na chupa, na mume wangu hajahamia kwa mke mdogo, namshukuru Mungu. Kwa mwendo huo, nafasi ni miaka miwili. Ukipiga hesabu unapata tisa, sawasawa na bibi mwenyewe! Kwa hiyo anayesema "wasomi hawazai kwa sababu ya usomi" amekosea mlango. Kilichosimama kati yangu na watoto tisa ni kijiti mkononi, na baadaye kitanzi.

Kwa nini nikakitaka, hapo ndipo shule inaingia, tena ya watoto zaidi ya yangu. Mtoto wa bibi akiwa na miaka sita alifuata ndama. Miaka minane alikaa juu ya dungu kuamia ndege, kwa sababu uwele ukikomaa bila watoto shambani, kwelea kwelea wanakuachia mabua. Binti wa miaka kumi alikuwa njia ya kisimani. Mtoto alikula, lakini alilipa. Kisha ikaja elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na yule mwamia ndege akaketi darasani. Leo ada imefutwa, nakubali, lakini ada haikuwahi kuwa gharama nzima. Sare, madaftari, nauli, mchango wa chakula, tuisheni ambayo "si lazima", na kodi ya nyumba Dodoma tangu serikali ihamie. Wawili wangu hawajawahi kuniletea hata debe la maji.

Shangazi ana haki kwa jambo moja: bibi alilea na watu. Mimi nalea na dada wa kazi ambaye akiaga kwenda kusalimia kwao, nashikwa na homa. Haya, nimekubali, tuendelee.

Halafu huu wimbo wa "bibi zetu wote" una tundu. Aliyezaa tisa ana wajukuu arobaini wa kumsifu ukumbini. Jirani yake aliyezaa mmoja, au aliyekosa kabisa akaitwa majina, nani amsimulie? Kumbukumbu zetu zimejaa waliozaa sana kwa sababu ndio waliotuzaa.

Na msidhani nchi nzima imefika nilipofika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa watoto sita na kidogo kwa mwanamke. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 umekuta 4.8. Mjini ni 3.6, vijijini 5.5. Binamu yangu wa kijijini, tuliyenyonya kwa mama waliotoka tumbo moja, ana watano na hataki wa sita. Mara ya kwanza alikwenda zahanati akaambiwa vijiti vimeisha, arudi wiki ijayo. Aliporudi vikawepo, lakini mume alikuwa ameshasikia. Akauliza kwa nini ng'ombe wake wa mahari wafungiwe uzazi. Sasa hivi anachoma sindano ya miezi mitatu, kwa sababu sindano haipapasiki mkononi kama kijiti, na kadi yake inakaa kwangu. Kila tarehe ikikaribia nampigia simu kumwambia kuna kikao cha kikoba.