"Give up" si kukata tamaa kila mara

"Tukitafsiri 'give up' na 'put off', tuchague neno moja la Kiswahili kwa kila kimoja na kulishika kote, au kila sentensi itafutiwe lake? Mwenzangu anataka neno moja moja. Mimi naona tutachekwa."

Mwenzako ana hoja, na nitaanza na yake kwa kuwa mara nyingi hupuuzwa. Watu wanne wakigawana programu moja ya simu bila orodha ya maneno waliyokubaliana, mtumiaji ataambiwa "ingia" hapa, "jiunge" pale, na "fungua akaunti" mbele kidogo, asijue kama ni jambo moja au matatu. Kwenye vitufe, neno la wastani linaloshikwa kote lina faida kuliko neno zuri linalobadilika. "Log in" iwe Ingia, "sign up" iwe Jisajili, na mjadala uishe. Vitenzi hivyo vimekuwa majina ya tendo moja tu, na hakuna cha kutafuta zaidi.

Lakini "give up" haijawa jina la tendo moja. Nimetunga kisa kidogo ili tuone.

Mama mmoja ameahirisha mara mbili kumwona daktari. Mara ya pili aliyemfanya asite ni mpokea simu, aliyemjibu kwa ukali hadi akaishiwa hamu ya kwenda. Mumewe alishamkatia tamaa kwa habari ya sigara, ila yeye mwenyewe akaziacha, akapanda basi. Humo akampisha mzee kiti. Kufika kwa daktari akaulizwa, "Unadhani umekaa siku ngapi bila kuvuta?" Akafikiri, akacheka: "Nimeshindwa, niambie wewe."

Mwingereza angekisimulia kisa hiki kwa vitenzi viwili tu: "put off" mara mbili na "give up" mara nne. Sasa mpe mwenzako orodha yake, "put off" ni kuahirisha na "give up" ni kukata tamaa, tuone kinachotoka. Mpokea simu "amemwahirisha" mama. Mama "amekata tamaa ya sigara", yaani kwa msomaji wa Kiswahili anazitaka sana ila amejua hatazipata. Kwenye basi "amemkatia tamaa mzee kiti", na hapo hakuna anayeelewa lolote. Kwa daktari anasema "nimekata tamaa", na daktari ana haki ya kushtuka, kwa sababu kauli hiyo ni nzito. Anayeshindwa fumbo hajakata tamaa. Ameshindwa tu, kama kwenye vitendawili, ambako akishindwa huambiwa atoe mji kisha apewe jibu. Mchezo wenyewe una lugha yake tayari, na mtafsiri anayeweka "umekata tamaa?" pale ambapo mtegaji angesema "nipe mji" amelipita neno akiwa amelikanyaga.

Tazama kwamba kosa hapa si lile la wanafunzi la kuandika "toa juu" au "weka mbali". Hayo huonekana upesi na mhariri huyafuta. Linaloponyoka ni hili la neno sahihi la kamusi lililowekwa mahali pasipo pake. Kila neno ni la Kiswahili, sarufi imenyooka, na bado sentensi imesema kitu kingine.

Sababu iko kwenye maumbile ya lugha zenyewe. Kiingereza huchukua kitenzi kidogo, kutoa au kuweka, kisha kikakibandika neno la mahali lililokwisha kupoteza mahali pake. Kiswahili kwa kawaida huipa kazi hiyo mzizi wenyewe au viambishi vya mwisho wake. Kuvaa hugeuka kuvua, kufunga hugeuka kufungua, kuchomeka hugeuka kuchomoa, na hakuna "juu" wala "nje" iliyohitajika. Kupisha ni kufanya mwingine apite, na ndani ya neno hilo moja mna mtu, mna njia, mna adabu. Ndiyo maana ukitafuta kitenzi pamoja na kielezi, uko kwenye duka lisilo na bidhaa hiyo.

Hata hivyo nisizidishe. Tunayo miundo inayofanana na ya Kiingereza, tena ya kwetu kabisa. Ombi hutupiliwa mbali, na mtu husema "potelea mbali" bila kufikiria umbali wowote. Angalia lakini mbali hiyo imekaa wapi: kitenzi kimenyambuliwa kwanza, tupa ikawa tupilia, potea ikawa potelea. Mwenye kudai kwamba kila kitenzi chenye neno la mahali ni uigaji wa kigeni atafuta Kiswahili safi. Kipimo changu ni kuficha Kiingereza na kumpa mtu sentensi ya Kiswahili peke yake. Akiuliza "mbali na wapi?" au "juu ya nini?", umetafsiri maneno. Kwenye "ombi lilitupiliwa mbali" hakuna anayeuliza.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwa jirani wa "put off", yaani "bring forward". Waingereza wakisema hivyo kuhusu mkutano, umewahishwa: ulikuwa Ijumaa, sasa ni Jumatano. Kwa wengi wetu mkutano "uliosogezwa mbele" umeahirishwa. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno inasomeka vizuri sana, haina harufu ya ugeni, na inampeleka mtu siku si yake. Hapo kile kipimo cha kuficha Kiingereza hakisaidii kitu, maana msomaji hataona kasoro. Dawa ni kuandika siku zenyewe: "umewahishwa, ni Jumatano badala ya Ijumaa".

Basi katikati yenu nyinyi wawili nasimama wapi? Karibu zaidi na wewe, ila orodha ya mwenzako naihitaji. Tatizo ni kwamba anaipanga kwa kitenzi, ilhali ingepangwa kwa kile kinachofuata kitenzi. Katika "give up" daima kuna kitu kilichokuwa mkononi kikatoka, na ukishakijua, Kiswahili chake huja karibu chenyewe. Likitoka tumaini, ni kukata tamaa. Ikitoka tabia, ni kuacha. Kikitoka kiti au njia, ni kumpisha mtu. Mtu akijitoa mwenyewe mbele ya askari, amejisalimisha, na akitoa cheo, amejiuzulu. "Put off" nayo huulizwa nini kimesukumwa. Tukio lenye tarehe huahirishwa. Mtu huvunjwa moyo au huondolewa hamu. Mdai huzungushwa kwa njoo leo njoo kesho. Na habari ngumu ambayo mtoto anashindwa kumwambia mama yake haiahirishwi, kwa kuwa haikuwa na tarehe. Hapo andika kwamba kila akitaka kusema, anasita.

Kwa hiyo kwenye jedwali lenu ongezeni safu moja katikati ya Kiingereza na Kiswahili, iandikwe "nini kinatoka" au "nini kinasukumwa". Mwenzako atapata uthabiti wake, maana sigara zitaachwa katika kila ukurasa na mikutano itaahirishwa katika kila ukurasa. Mstari ambao safu hiyo haiwezi kujazwa, kama kitufe chenye "Give up" pekee bila maelezo, rudisheni kwa aliyewapa kazi mumuulize kinatokea kwenye skrini gani. Kikiwa kwenye mchezo wa mafumbo, ni "Nimeshindwa".