Mwanamke wa Amu anastahili saluni yenye mlango

Jumamosi iliyopita nilikaa saluni hapa Leicester, Uingereza, kichwa wazi, nywele nusu zimeoshwa, na sikugeuka kutazama mlango hata mara moja. Wanawake wenzangu wa Amu, mji wetu wa Lamu, mnajua ninachosema. Kwetu ukikaa kwenye kiti cha saluni, jicho moja linatazama kioo na jingine linatazama pazia, na mkono uko tayari kuukamata mtandio.

Saluni yenyewe ni ya mama mmoja mwenye asili ya Kihindi, duka dogo tu. Lakini ukitoka barabarani unaingia kwanza chumba chembamba chenye kochi, na mlango wa pili uko ubavuni, haukuelekea wa kwanza. Hata yote miwili ikiachwa wazi, mpita njia anaona kochi na ukuta. Kijana anayeleta vifurushi anaishia pale. Na nilipopiga simu kuweka miadi, yule mama aliniuliza maswali mawili: nitahitaji nafasi ya swala? Na je, akinitumia ujumbe kuna mtu mwingine anayeshika simu yangu? Basi. Hakuniuliza zaidi.

Nikatoka nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja. Nimekasirika kwa sababu hii ni nchi ambayo Waislamu ni wachache, na sisi tuliozaliwa kwenye mji wa misikiti tunakosa kitu hiki.

Najua mtakachosema. "Kaenda Ulaya, sasa anatufunza stara." La. Stara ya mlango tumeizua sisi. Nyumba ya mawe ya Amu ina daka nje, na ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha unapinda ndipo ufike kiwandani, yaani ua wa ndani. Mgeni mwanamume alikuwa na sabule yake, chumba cha wageni, asiingie kwa watu. Juu ya vichochoro kulikuwa na wikio za kuunganisha nyumba, mwanamke akavuka kwa jirani bila kushuka njiani. Mji mzima ulijengwa kwa kujua jicho la mtu linafika wapi. Kinachoniuma ni kuwa tumeyaweka maarifa hayo kwenye nyumba za kuonyesha watalii, kisha saluni ya mkewe mtu tunaifungua kwenye duka la mlango mmoja, tunatundika pazia, tunaandika WANAWAKE TU.

Mtoto wa dada yangu amekodi chumba Langoni kwa kazi hiyo. Fundi hodari, mkono wake mwepesi, nampenda na namtakia riziki. Alinitumia video: "Mama mdogo, tazama, nimepaka rangi, nimeandika na bango." Nikamwomba afanye jambo moja tu. Mwenzake akae kwenye kiti, yeye atoke asimame upande wa pili wa njia, pazia likiwa limefunguka kiasi cha mteja kupita. Alinijibu baada ya muda: "Namuona uso mzima kwenye kioo." Bila shaka. Kioo kilikuwa ukuta wa ndani, kimeelekea mlango. Kila mteja akiingia, mteja aliyekaa anaoneshwa njia nzima, na njia yenyewe ni ya wachukuzi, punda na vijana wa baraza.

Tukaanza hapo. Vioo vimehamia ukuta wa ubavuni. Ndani ya mlango, kama mita moja na nusu, fundi seremala amesimamisha ukuta wa plaiwudi wa futi saba, usiofika darini ili hewa ipite juu yake. Anayeingia anapinda kushoto. Ndiyo tekani, kwa mbao za siku hizi.

Dirisha lilikuwa na kazi yake. Pazia jepesi linakudanganya: mchana nje kuna mwangaza kuliko ndani, kwa hiyo wa nje haoni kitu. Ikifika usiku, taa za ndani zikawaka, mambo yanageuka, na kila kichwa kinaonekana. Ile plastiki ya kioo-kioo wanayobandika kwenye madirisha ya maduka Malindi ina tabia hiyo hiyo. Na saluni zetu zinafanya kazi usiku hasa, msimu wa harusi na kumi la mwisho la Ramadhani. Plastiki ya ukungu, ile isiyoonesha kitu upande wowote, ndiyo inayofaa, pamoja na pazia zito. Anayetaka kujua saluni yake iko vipi asimame nje baada ya Magharibi taa zikiwa zinawaka.

Halafu kuna stima. Huu ndio mtihani wenyewe. Stima ikipotea, feni inasimama, joto linapanda, na mtu wa kwanza kuchoka analifunga pazia fundo. Mteja mwenye dawa kichwani anakwenda wapi? Ndiyo maana nilisisitiza ule ukuta usifike juu, na matundu ya hewa yawe karibu na dari, na feni moja iwe ya betri. Faragha inayotegemea stima kwetu ni ya nusu siku.

Sasa swala, na hapa ndipo subira yangu inaponiishia. Huku Leicester mwezi wa Desemba Alasiri inaingia karibu na saa nane mchana na jua linazama kabla ya saa kumi. Juni Magharibi ni saa tatu na nusu usiku. Yule mama anaupanga upya mwaka wake kila mara. Amu tuko karibu na ikweta! Adhuhuri haitembei zaidi ya kama nusu saa mwaka mzima, na Magharibi hivyo hivyo. Ratiba ukiipanga mara moja imekaa. Na bado mwanamke anasuka asubuhi hadi jioni, anaambiwa, "Utalipa nyumbani."

Wala sisemi saluni ifungwe kila ikiadhiniwa. Adhuhuri ina wakati mpana, karibu saa tatu kabla Alasiri haijaingia. Kinachohitajika ni fundi kujua kazi gani inakatika na gani haikatiki. Msuko unakatika: unaacha nusu kichwa, mteja anaswali, anarudi. Dawa ya kulainisha nywele haikatiki, kwa sababu ikizidi muda wake kichwani inaunguza ngozi, na lazima ioshwe, isafishwe kwa shampuu yake, ndipo mtu anyanyuke. Kwa hiyo dawa isianzwe karibu na Magharibi, ambayo wakati wake ni mfupi kuliko zote. Mwanangu ameamua saa kumi kuwa mwisho wa kupokea dawa. Rangi ya kucha inazuia maji ya udhu, basi inapakwa baada ya swala na mteja aambiwe. Hina ikishakauka na kubanduliwa hubaki rangi tu, maji yanapita. Lakini ikiwa bado mbichi mikononi na miguuni, bibi harusi hawezi kutawadha bila kuiharibu. Ndiyo maana kazi kubwa ya hina inakwenda vizuri baada ya Isha, pana nafasi hadi Alfajiri.

Na mahali pa kuswalia pasiwe jina tu. Kibla chetu Amu ni kaskazini. Kwenye chumba chake ukuta wa kaskazini ndio uliokuwa umejaa picha za mitindo, wanawake vichwa wazi. Zimehamishwa. Bomba la kutawadhia liko ndani, mteja asivuke njia na kichwa kilicholowa.

Lile swali, "utahitaji nafasi ya swala?", aulizwe kila mteja kwa maneno yale yale, na akisema hahitaji, pasiwe na "kwa nini". Mwanamke ana siku zake, na hiyo si habari ya saluni. Mteja Mkristo naye anajibu hapana, anasukwa, anakwenda zake kwa heshima ile ile. Tena wako wanaofuata kauli ya kuwa Muislamu asivue mtandio mbele ya mwanamke asiye Muislamu, na wako wasioifuata. Mafundi wengi wazuri kwetu ni dada zetu wa bara. Saluni haitoi fatwa. Inamwambia mteja mapema nani atamhudumia, na kile chumba kidogo cha ndani, chenye kitasa, kinabaki kwa anayekitaka na kwa kazi ya kusugua mwili kwa singo.

Nasikia sauti nyingine: "Amu wote tunajuana, unaficha nini?" Kwa sababu tunajuana! Picha ya msuko iliyopigwa kisogoni inatosha kwa mji mdogo. Mtu anajulikana kwa herini zake. Kwenye harusi zetu za wanawake simu zinazuiwa mlangoni na hakuna anayeona ajabu, lakini fundi anapiga picha kichwa cha mteja na kuitia kwenye status kabla mteja hajalipa. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, chini ya sheria ya data ya 2019. Sheria hiyo inafika hata Langoni.

Ujumbe nao. Mwanangu alikuwa amefungua kundi la WhatsApp la wateja, maana yake kila namba na kila picha ilikuwa wazi kwa wote, na kwa kila anayeshika simu zao. Amelifunga, anatuma kwa orodha ambayo wapokeaji hawaonani. Ujumbe wa miadi unasema siku na saa, hautaji kazi. Jina la biashara linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa halina neno la saluni wala singo. Na mteja aliyefiwa na mume anatolewa kwenye matangazo kwa miezi minne na siku kumi za eda. Asiletewe ofa ya hina akiwa kwenye msiba.

"Sasa nitajitangazaje bila picha, mama mdogo?" Atangaze mlango. Msuko aupige picha kwenye kichwa cha plastiki, hina kwenye karatasi, na aandike yale anayoweza kuyatimiza: mlango wa kupinda, simu kikapuni, kamera iko nje tu, bomba la udhu ndani. Asiandike asichokiweza.

Tumebaki na ubishi mmoja. Anataka kile chumba kidogo kiwe na bei ya juu, kwa kuwa kinachukua nafasi ya kiti kingine. Singo nakubali, ni kazi ndefu. Lakini anayekiomba kwa sababu nywele zimemtoka na hataki kuonekana hata na wanawake wenzake, mimi nasema alipe bei ya kiti cha kawaida. Yeye anasema kodi ya Langoni haijui huruma. Tutazungumza tena akishalipa fundi seremala.