Aureliano yupi? Mti wa ukoo wa akina Buendía, tuutazame au tuuache

“Nimefika katikati ya riwaya ya García Márquez na sijui tena Aureliano huyu ni yupi. Niwe narudi kwenye mti wa ukoo ulio mwanzoni, au nisome tu mbele kwa mbele?”

Wanaoutetea mti wana hoja nzito. Cien años de soledad, yaani Miaka Mia Moja ya Upweke, iliyotoka mwaka 1967, inafuata vizazi 7 vya ukoo mmoja katika mji wa Macondo, na majina ya wanaume ni yaleyale yanarudi. Nimewahi kukaa nikawahesabu: akina Aureliano ni 22, wakiwemo wana 17 ambao kanali Aureliano Buendía aliwazaa na wanawake 17 tofauti. Upande wa pili wapo José Arcadio wanne na Arcadio mmoja. Msomaji anayesoma kurasa kumi usiku, akaacha siku tatu, hawezi kulaumiwa akipotea. Anayesikiliza kitabu kwa masikio ndiye mwenye shida zaidi, kwa sababu hana ukurasa wa kurudi nyuma.

Wapinzani wa mti nao si watu wa kujivuna tu. Mti unatoboa siri. Mstari wa chini kabisa unakuonyesha nani atazaa na nani, na kwamba baada ya mtoto fulani hakuna tena jina. Riwaya inakutaka uingie katika penzi la mwisho ukiwa na wasiwasi, kwa sababu wapenzi wenyewe hawajui wana undugu gani. Mwenye mti amekwisha kujua kabla hata babu mwanzilishi hajafa. Gregory Rabassa, aliyeitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1970, baadaye aliingiwa na shaka kuhusu mti uliowekwa katika toleo hilo: mwandishi angeutaka, angeuweka mwenyewe tangu toleo la kwanza.

Mimi naegemea upande wa pili, lakini kwa sharti moja. Kuchanganyikiwa kwenyewe kuna aina mbili, na watu wengi huziweka katika kapu moja.

Aina ya kwanza ni ile unayojua mtu ni nani, ila unasikia sauti ya babu yake ndani yake. Hiyo ndiyo riwaya inayofanya kazi. Úrsula, mama wa ukoo, naye analisikia jambo hilo. Baada ya miaka mingi anaona kwamba akina Aureliano ni wapweke wenye akili kali, na akina José Arcadio ni watu wa pupa na vitendo waliobeba dalili ya mkosi. Aina ya pili ni ile unayosoma kurasa mbili nzima bila kujua aliye chumbani ni kijana au mzee. Hapo hakuna sanaa yoyote, umepotea tu, na lazima usimame ujipange.

Kujipanga kwa kwanza hakuhitaji karatasi. Angalia jina limeandikwa kwa urefu gani. Babu mwanzilishi ni José Arcadio Buendía, karibu daima kwa majina yote matatu. Mwanawe ni José Arcadio, basi. Mjukuu ni Arcadio peke yake. Kitukuu ni José Arcadio Segundo, yaani wa pili. Kanali naye hubaki na cheo na jina lake zima, hata anapokuwa mzee anayetengeneza visamaki vya dhahabu. Msomaji anayekata majina kichwani, akasema “huyu José” na “yule Aureliano”, anaitupa alama aliyowekewa makusudi. Nadhani nusu ya malalamiko ninayosikia yanatokana na tabia hiyo ya kukata.

Kujipanga kwa pili ni kuandika, lakini kidogo kidogo. Riwaya ina sura 20 zisizo na namba. Mwisho wa kila sura andika waliozaliwa tu katika sura hiyo, na mbele ya kila jina weka mama yake na kitu kimoja unachoweza kukiona kwa macho. Rebeca, analetwa akiwa yatima, anakula udongo. Amaranta, kitambaa cheusi mkononi. Usiandike baba kwanza, kwa sababu majina ya baba ndiyo yanayojirudia. Mama karibu kila mara ni jina jipya. Pilar Ternera alimzalia José Arcadio mtoto, ndiye Arcadio, na akamzalia mdogo wa José Arcadio, yaani kanali Aureliano, mtoto mwingine, ndiye Aureliano José. Ukishika jina la Pilar, hao wawili hawakupotei tena.

Wale wana 17 wa kanali, ndani ya riwaya Úrsula aliwaandika kwenye daftari lake, na walibatizwa jina la Aureliano pamoja na jina la ukoo la mama. Wewe usihangaike nao wote. Wape mstari mmoja: wana wa kanali, msalaba wa majivu usiofutika kwenye paji la uso. Kisha ongeza Aureliano Triste, anayeileta reli Macondo, na Aureliano Centeno wa kiwanda cha barafu. Wengine wachache utawaongeza wakijitokeza wenyewe. Nimeona wasomaji wakichora matawi yote 17 halafu wakachoka na kitabu kabla ya reli kufika.

Ila ipo sehemu ambapo daftari lenyewe linashindwa, na hapo ndipo ninapowaelewa zaidi wapinzani wa mti. Ni pacha wawili wana wa Arcadio na Santa Sofía de la Piedad: José Arcadio Segundo na Aureliano Segundo. Utotoni walifanana kiasi kwamba Amaranta, binti wa Úrsula, aliwavika bangili zenye majina na nguo za rangi tofauti zenye herufi zao. Walipoanza shule wakabadilishana nguo na bangili, wakaitana kinyume. Mwalimu alikuwa akimtambua José Arcadio Segundo kwa shati lake la kijani. Siku moja akagundua mvaaji wa shati hilo ana bangili ya Aureliano Segundo, na yule wa shati jeupe naye anadai kuwa ndiye Aureliano Segundo, ingawa bangili yake inasema José Arcadio Segundo. Tangu hapo hakuna mwenye hakika.

Wanapokua, kanuni ya Úrsula inapinduka. Mwenye jina la Aureliano anakuwa mnene, mpenda karamu, mtu wa kelele. Mwenye jina la José Arcadio anakonda kama kanali, anaishia kujifungia chumbani na maandishi ya kale. Úrsula anahisi kuwa walichanganywa utotoni. Mti uliochapishwa unawaweka kila mmoja kwenye tawi lake kwa wino ule ule, kana kwamba swali halikuwahi kuulizwa, na hilo ndilo kosa lake kubwa kuliko kutoboa siri.

Kwa hiyo kwenye daftari langu hao wawili wamo kwa penseli, na mshale wa kwenda na kurudi kati yao. Niliuacha hadi walipofariki kwa wakati mmoja. Marafiki waliolewa walibeba majeneza, wakayachanganya, na kila pacha akazikwa katika kaburi la mwenzake. Nilipofika hapo sikufuta mshale.